Barua niliyomwandikia mke wangu baada ya kubeti ada ya mtoto

Naandika haya kwa mwanaume ambaye ameshabeti hela ya watu wa nyumbani, bado hajasema, na anatafuta maneno ya kuanzia. Mimi maneno niliyoanza nayo yaliniharibia zaidi. Nitaeleza kwanza hela ilivyokwenda, kwa sababu barua iliyosomwa hadi mwisho ilitokana na hesabu ya hela, si na ufundi wa kuomba radhi. Kisha nitaiweka barua yenyewe. Mke wangu ameruhusu, majina tumebadilisha.

Mimi ni seremala, karakana yangu iko Nkuhungu hapa Dodoma mjini. Mke wangu anauza mboga na mlenda mkavu sokoni Majengo. Binti yetu mkubwa, tumwite Neema, yuko kidato cha tatu kwenye shule ya bweni ya binafsi. Najua kuna atakayeuliza ada ya nini wakati kidato cha 1 hadi cha 4 ada ilifutwa tangu 2016. Ilifutwa kwenye shule za serikali. Sisi tulichagua shule ya binafsi tukiwa na akili zetu, na tulijua kwamba kabla shule haijafunguliwa Januari tunatakiwa kuwa tumelipa awamu ya kwanza, shilingi 1,000,000.

Hela hiyo ilitoka mifuko miwili. Shilingi 620,000 zilikuwa mgao wa kikoba cha mke wangu. Wao huvunja mzunguko Desemba, na mwaka mzima alikuwa akinunua hisa kila wiki kwa hela ya mafungu ya mchicha. Shilingi 380,000 zilikuwa zangu, malipo ya makabati ya jikoni ya mteja wa Ihumwa. Mke wangu alinitumia zake kwenye simu ili nilipe zote kwa pamoja benki. Ilikuwa karibu na Krismasi, nikasema nitakwenda sikukuu zikiisha. Laini hiyo hiyo ndiyo niliyokuwa nabetia. Kama unabeti na unasoma hapa, usiendelee kwanza: hela ya ada isilale kwenye laini hiyo hata usiku mmoja. Mwenye hela ailipe mwenyewe shuleni.

Kubeti nilishaanza siku nyingi, madau ya 500 na 1,000, mikeka ya timu 15 ambayo hakuna aliyetegemea itatiki. Kilichobadilika Desemba ni salio. Mtu mwenye 3,000 kwenye simu hujiona anacheza. Mwenye milioni hujiona ana mtaji. Nikaacha mikeka mirefu, nikaanza kuweka timu nane za uhakika, zote za odi ndogo, dau 20,000. Msimu wa Krismasi ligi ya Uingereza haipumziki kama nyingine za Ulaya, kwa hiyo mechi zilikuwapo karibu kila siku. Mkeka wa kwanza ulitiki. Nilivuta hela, nikanunua kuku wawili na soda za watoto, na mke wangu akafurahi bila kujua anafurahia nini.

Baada ya hapo ilikuwa ni timu moja. Timu saba zinashinda, moja inatoa sare dakika za mwisho. Kesho yake tena, saba na moja. Karakana nzima walikuwa wananiambia, «Fundi, wewe umeshaujua mchezo, kinachokukosesha ni bahati tu.» Nami niliamini, maana ukikosa kwa timu moja unaona umekaribia.

Mdogo wangu mmoja, mtoto wa Baba Mkubwa, anafundisha hesabu sekondari. Baadaye alinikalisha akanifanyia hesabu ambayo natamani ningeiona Desemba. Timu ya odi 1.30, ukishaondoa sehemu ambayo kampuni inajiwekea, hushinda karibu mara 73 katika 100. Hiyo ni moja. Ukizifunga nane kwenye mkeka mmoja unazidisha 0.73 kwa yenyewe mara nane, na jibu ni kama 0.08. Yaani katika mikeka 100 ya namna hiyo, itakayotiki ni kama minane. Halafu akakokotoa kitu ambacho sikuwahi kufikiria kukiuliza: ni mikeka mingapi itachanwa na timu moja tu? Jibu ni kama 24. Mara tatu ya ile inayotiki.

Kwa hiyo ile «timu moja imenichania» haikuwa bahati mbaya wala dalili kwamba nakaribia. Ndivyo mkeka wa timu nane ulivyo, hata kwa mtu asiyejua mpira kabisa. Na mkeka wenyewe ukitiki, kwa dau la 20,000 unalipwa kama 163,000 kabla ya kodi. Weka mikeka 100, umetoa milioni mbili. Inayotiki minane inakurudishia kama milioni moja na laki tatu. Kila timu unayoongeza inazidisha odi, lakini pia inazidisha ile sehemu ya kampuni. Sisi tunaangalia odi tu kwa sababu ndiyo inayoandikwa kwa maandishi makubwa.

Milioni ya ada iliisha kabla shule haijafunguliwa. Hapo ndipo nilipofanya kitu kibaya kuliko kubeti: nilikopa ili nirudishe. Kwanza mkopo wa simu, 150,000, ambao unakuja kwa kubonyeza tu. Kisha kausha damu. Nilipewa 300,000 nirudishe 390,000 ndani ya mwezi, na dhamana ikawa mashine yangu ya randa. Fikiria seremala anayeweka randa rehani. Hela hizo nazo zilikwenda, nyingine kwenye mechi, nyingine kwenye kile kindege kinachopaa na kulipuka, mchezo ambao hata wanaojidai wanajua mpira hawana cha kujua.

Shule ikafunguliwa. Nilimwambia mke wangu mtandao wa benki unasumbua. Nikamwambia mhasibu wa shule mteja wangu amechelewa kunilipa. Neema akakaa nyumbani wenzake wakiwa darasani, na kila asubuhi alikunja upya sare zilizokuwa zimeshakunjwa. Mhasibu alipopiga simu kwa mke wangu, uongo ukaisha. Usiku ule nikakiri, kwa mdomo, na nilikiri nusu. Nilisema nimebeti ada. Sikutaja mikopo, nikiwaza kwamba jambo moja likipoa nitaleta la pili.

Wiki haikuisha, vijana wawili wa kausha damu wakaja karakanani, na kwa kuwa sikuwapo wakaja nyumbani. Mke wangu ndiye aliyewafungulia mlango. Alisema baadaye kwamba ada ilimuumiza, lakini waliomvunja ni wale vijana, kwa sababu ile siku nilipokiri alilia, akalala akijua sasa anajua kila kitu. Akachukua watoto wote wawili akaenda kwao Kondoa.

Nikaandika barua. Ya kwanza ilikuwa ya kurasa tatu. Ilikuwa na shetani aliyenipitia, marafiki walionipotosha, hali ngumu ya maisha, na mwishoni aya nzima ya kumwomba arudi kabla ya mwisho wa mwezi kwa ajili ya watoto. Kabla ya kuituma nilikwenda nayo Mpunguzi kwa Baba Mkubwa, maana yeye ndiye aliyesimamia posa yetu na kwa vyovyote angehusishwa. Nilimkuta kwenye zabibu, ni msimu wa kuchuma. Aliisoma akiwa amesimama, akairudia, akasema, «Hapa shetani ameomba radhi, na rafiki zako wameomba radhi. Wewe uko ukurasa gani?» Akaniuliza pia ni shilingi ngapi. Nikasema kama milioni hivi na kitu. Akasema, «Kama hivi na kitu ndiyo nini? Mwenzio anajua bei ya kila fungu la mchicha aliloliuza.»

Nilirudi mjini nikaomba taarifa ya miamala ya laini yangu ya Desemba na Januari. Fanya hivyo kabla hujaandika neno. Kichwa cha mcheza kamari kinakumbuka ushindi na kusahau madau madogo. Mimi ningeapa nimepoteza milioni moja na mikopo kidogo. Karatasi ilionyesha nilituma kwa kampuni za kubeti shilingi 1,570,000, zikarudi 120,000 nilizoziita ushindi, na hizo nazo nikazirudisha. Ina maana zilizopotea ni 1,450,000: milioni ya ada, mkopo wa simu wote, na kausha damu yote. Hata wale kuku wawili niliwanunua kwa hela ambayo siku tatu mbele niliirudisha kwenye kubeti.

Barua ya pili nilikosea upande mwingine. Niliandika takwimu tupu pamoja na ahadi, «sitabeti tena maisha yangu yote,» mara nne. Mdogo wangu mwalimu ndiye aliyenionyesha kwamba ahadi hiyo nilikuwa nimeshaitoa kwa mdomo ule usiku niliokiri nusu, kwa hiyo haina thamani. Akasema niandike vitu ambavyo mke wangu anaweza kuvikagua bila kuniuliza. Ndipo ikatoka hii.

«Mama Neema,

Nakuandikia wewe kwanza. Neema nimemwandikia karatasi yake, iko ndani ya bahasha hii, usome uamue kama umpe.

Kati ya Desemba na Januari nilibeti shilingi 1,000,000 za ada. Kati ya hizo 620,000 zilikuwa zako za kikoba. Sikuzikopa kwako wala hukunipa nitumie. Ulinipa nizifikishe, nikazichukua.

Nilipokuambia habari hii nilikuficha mambo mawili. Nilikopa 150,000 kwenye simu, nadaiwa 165,000 pamoja na ada ya mkopo. Nilikopa 300,000 kwa wale vijana, nadaiwa 390,000, na niliweka mashine ya randa. Hakuna deni lingine. Nimeambatanisha taarifa ya miamala ya miezi miwili uhakiki mwenyewe. Niliyoyapigia mstari ni ya kubeti.

Nilikudanganya kwamba mtandao wa benki unasumbua. Nilimdanganya mhasibu. Wale kuku wa Krismasi walitoka kwenye mkeka. Kama kuna lingine utakalolikumbuka, niulize, nitajibu lilivyo.

Hakuna aliyenituma. Niliona salio nikaamua, na nilipopoteza nikaamua tena.

Nimefunga akaunti za kubeti, ujumbe wa kuthibitisha nimeuchapisha. Najua mtu anaweza kufungua nyingine kesho, kwa hiyo laini yenye hela nimempa Baba Mkubwa akuletee, na namba ya siri utaiweka wewe. Wateja wangu watatuma malipo kwenye namba yako. Ukitaka kujua kama nina laini nyingine, nitapiga *106# mbele yako, utaona zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu.

Madeni nitayalipa kwa mpangilio huu usipokuwa na mpango bora. Kwanza wale vijana, kwa sababu wakichukua randa sina kazi. Meza na viti vya mteja wa Msalato vinamaliza deni hilo. Halafu mkopo wa simu. Kisha ada. Nimeongea na mhasibu nikamweleza ukweli. Wamekubali Neema aingie tukilipa 400,000, nyingine tulipe kidogo kidogo hadi Juni. Hiyo 400,000 sina. Baba Mkubwa yuko tayari kuikopesha, lakini kwako, si kwangu. Ukiona ni bora Neema ahamie shule ya serikali, nitafuatilia uhamisho. Hela zako 620,000 nitakurudishia mwisho, ili zisichanganyike na deni la mtu mwingine, na utazipokea kama zako, si kama matumizi ya nyumbani.

Sikuombi urudi. Sikuombi unisamehe kwa tarehe yoyote. Naomba radhi kwa hela yako, kwa Neema kukaa nyumbani, na kwa kukuacha ukawafungulie wale vijana mlango bila kujua ni akina nani.

Baba Neema.»

Ya Neema ilikuwa fupi. Sikumwekea mambo ya madeni, wala sikumwambia aniombee kwa mama yake, ingawa kalamu ilitaka sana kwenda huko. Nilimwambia kwamba hajarudishwa nyumbani kwa sababu ya matokeo yake wala kwa sababu familia haina hela. Ada yake ilikuwapo, baba yake ndiye aliyeichukua. Mtoto wa miaka 16 asipoambiwa hivyo hutafuta sababu mwenyewe, na mara nyingi hujikuta yeye ndiye sababu.

Kuhusu kufunga akaunti niongeze jambo. Nilipowaandikia huduma kwa wateja kwamba nataka nifungiwe, kampuni moja ilifunga siku hiyo hiyo. Nyingine ilinijibu kwa kunipa bonasi. Ilibidi niandike tena kwa maneno mafupi: nina tatizo la kamari, nifungieni moja kwa moja, msinitumie ujumbe wa matangazo. Ukiandika tu «nimeamua kupumzika» wanakuchukulia kama mteja anayesitasita. Piga picha kila jibu. Na magrupu ya watu wanaouza mechi za fiksi jitoe siku hiyo hiyo. Yale yangu yaliendelea kunitumia «uhakika wa leo» hata nilipokuwa sina hata nauli ya bajaji.

Mke wangu hakujibu kwa maandishi. Alimpigia Baba Mkubwa, akapokea ule mkopo, akamrudisha Neema shule mwenyewe bila kupitia kwangu. Shule hakubadilisha. Alirudi nyumbani baada ya Pasaka, na sharti lake lilikuwa niende hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe. Kwa watu wa Dodoma sihitaji kueleza maana yake. Tangu utotoni ukifanya ujinga unaambiwa utapelekwa Mirembe. Nilikwenda nimevaa kofia. Nilichokuta ni mtu wa ushauri nasaha aliyeuliza maswali ya kawaida: nabeti nikiwa na hali gani, nalala saa ngapi, nimewahi kuficha, nimewahi kukopa ili nirudishe. Aliniambia kamari iko kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, kwenye kundi la uraibu, na kwamba hamu itanirudia hasa siku nikilipwa na siku nikigombana na mtu. Siku ya kulipwa sasa haipo, maana hela hainipitii. Ya ugomvi bado naipambania.

Kausha damu ilikwisha kwanza, kama ilivyopangwa, ila mteja wa Msalato alichelewa na wale vijana wakaongeza 40,000 za faini. Mkopo wa simu umekwisha. Ada ya awamu ile tuliimaliza Julai, si Juni. Kwenye 620,000 za mke wangu nimerudisha 210,000, na kila ninapompa anaandika kwenye daftari lake la kikoba, tarehe na kiasi, bila kusema neno.

Neema alipokuja likizo alileta ile karatasi yangu. Nyuma yake alikuwa ameandika maswali kwa kalamu nyekundu. La kwanza lilikuwa kama kidato cha pili, aliporudishwa kwa michango ya mitihani, nilibeti pia. Hilo halikuwamo kwenye barua. Nilimwambia ndiyo, sehemu yake, kama 30,000, na kwamba mama yake hajui. Akasema nimwambie kabla ya chakula cha jioni. Nilimwambia. Mama Neema akaleta daftari, akafuta 410,000 iliyobaki, akaandika 440,000.